Kadi Moja, Miaka Mitatu

Mnara ule haukuwepo mwaka 1910. Naanza na hilo kwa sababu nimeshalisema kwa upole mara tatu na halikusikika.

Picha ninayoizungumzia imekuzwa hadi kufikia kimo cha mtu na kutundikwa ukutani, katika maonyesho ya picha za kale ambayo wengi wenu huenda mmeyapita. Ni pwani ya Mji Mkongwe, Unguja, ikitazamwa kutoka baharini. Katikati kuna Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, na roshani zake zinazozunguka ghorofa zote. Mbele yake, karibu na maji, umesimama mnara mrefu uliojitenga na jumba, mnara wa taa na saa. Mnara ni mzima, hauna hata ufa. Chini ya picha waandaaji wameweka kibao: Kasri ya Sultani, Unguja, 1910.

Sasa tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mizinga ufuo huohuo, kumng'oa Khalid bin Barghash aliyejitangaza Sultani siku mbili kabla. Mapigano hayakufika saa nzima, na upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm, jumba la jirani, likaharibika kiasi cha kutofaa tena. Beit al-Ajaib lilinusurika, lakini ule mnara wa mbele uliharibiwa na ukaondolewa, na mwaka 1897 mnara mpya wa saa ukajengwa ukiwa umeunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib lenyewe. Huo mpya ndio wengi wetu tuliokua tukiuona, hadi Desemba 2020 ulipoanguka pamoja na sehemu ya jumba.

Kwa hiyo picha yenye mnara wa kando, tena mzima, ni picha ya kabla ya Agosti 1896. Kuiandikia 1910 si kukosea miaka 14 tu. Ni kumwambia mtazamaji kwamba mizinga ilipita na haikuacha alama. Anasimama pale mtoto wa shule, anasoma mwaka, anaona ufuo umetulia na mnara umesimama wima, anaondoka na Unguja ambayo haikupigwa.

Nalisema hili kwa ukali, na ukali huo unanihusu mwenyewe. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na rasimu ya kwanza ya sura yangu ya pili ilijengwa juu ya picha hiyohiyo na nyingine kama arobaini, zote nikiwa nimezipata mtandaoni upande wa picha tu, na miaka ikiwa imeshaandikwa na wenye mkusanyiko. Niliandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba miaka kumi na kitu baada ya mizinga sura ya ufuo ilikuwa imerudi kama zamani. Msimamizi wangu akaweka alama ya vema pembeni. Sentensi ile ilikuwa nzuri, na ilikuwa upuuzi mtupu.

Aliyenitoa usingizini ni mjomba wangu, ambaye ndiye mwenye kadi. Ndiyo, ile iliyotundikwa ukutani ni ya kwake. Aliinunua zamani katika duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, akaiazimisha kwa waandaaji, wakaiskani upande mmoja, wakamrudishia. Nilipokwenda kumwamkia Idi nikamsifia kadi yake imekuwa mashuhuri.

"Shikamoo mjomba. Nimeiona kadi yako ukutani, ya mwaka 1910."

"Marahaba mwanangu. Nani kasema 1910?"

"Wameandika."

"Wameandika nini, na wao hawakuigeuza?" Akaenda ndani, akarudi na kopo la biskuti, akanipa kadi ikiwa imelala kifudifudi.

Tuigeuze basi, kwa sababu huko nyuma ndiko ushahidi uliko, na nitakwenda polepole.

Kitu cha kwanza nilichokiona nyuma kilikuwa 1910 kwa penseli, pembeni, kando ya bei. Mwandiko ni wa karibuni, wa muuza kadi fulani wa Ulaya aliyetaka kuipanga sandukuni mwake. Hapo nikajua kibao kilitoka wapi. Kumbe waandaaji waliigeuza, ila walisoma penseli na kuishia hapo. Penseli ya muuzaji ni uvumi. Huenda ni uvumi wa kweli, lakini hauwi ushahidi mpaka kadi yenyewe iukubali.

Stempu sasa. Ni nyekundu, ya senti 6, ina picha ya Sultani na jina la Zanzibar. Mambo mawili hapo yanatosha. La kwanza ni sarafu. Stempu za Unguja zilihesabiwa kwa ana na rupia, ana 16 kwa rupia moja, hadi mwaka 1908 zilipotoka za senti, senti 100 kwa rupia. Stempu ya senti haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. La pili ni uso. Toleo la 1908 lina Sultani Ali bin Hamud, na toleo la 1913 lina Sultani Khalifa bin Haroub, na katika matoleo yote mawili senti 6 ni nyekundu. Nimeona watu wanaojiita wataalamu wakichanganya hawa wawili kwa sababu wameangalia rangi na thamani bila kuangalia sura. Chukua picha ya stempu nyingine unayoijua, ziweke pamoja, linganisha nyuso. Ya mjomba ni ya Ali bin Hamud.

Watu wengi hukosea hatua inayofuata. Wanasema: Ali bin Hamud alitawala 1902 hadi 1911, stempu yake ilitoka 1908, ya mrithi wake ikaja 1913, basi kadi imetumwa kati ya 1908 na 1913. Sehemu ya kwanza ni sawa, ya pili si sawa. Stempu inakupa sakafu, haikupi dari. Mtu anaweza kuwa na stempu za zamani ndani ya mkoba na kuzibandika mwaka unaofuata au baada ya miaka. Stempu inakuambia tu kwamba kadi haikutumwa kabla ya siku stempu ilipotoka.

Kabla ya kuiamini stempu kabisa, hakikisha ni ya kadi hiyo. Wakusanyaji wa stempu wamekuwa wakizing'oa kwenye kadi kwa vizazi, na wauzaji wengine wakibandika nyingine ili kadi isionekane ina kidonda. Jinsi ya kujua ni rahisi. Tazama muhuri wa posta: duara lake lianze juu ya stempu na livuke ukingo wenye meno hadi kwenye karatasi ya kadi, mstari ukiendelea bila kuruka, wino uleule. Kama mstari unakatika ukingoni, au sehemu iliyo kwenye karatasi haikutani na iliyo kwenye stempu, una vitu viwili vilivyokutanishwa baadaye. Kwenye kadi ya mjomba duara linavuka vizuri, na nukta moja ya wino imeangukia nusu kwenye jino la stempu na nusu kwenye karatasi.

Muhuri wenyewe ndio uliotuchukua jioni nzima. Ulikuwa umegongwa kwa haraka. Jina la mji linasomeka, na tarehe 18 inasomeka. Mwezi ni herufi mbili, kama ilivyokuwa desturi ya mihuri ya Waingereza, na herufi ya kwanza ni J. Mwaka ni tarakimu mbili, ya kwanza ikiwa 1, ya pili ikiwa wingu. Yaani mwaka wowote kuanzia 1910 hadi 1919.

Wino mweusi juu ya stempu nyekundu humezwa na rangi. Mjomba ana dawa yake: karatasi nyekundu inayoonyesha ya kufungia pipi. Ukiiweka mbele ya jicho, au mbele ya kamera ya simu, wekundu wa stempu unafifia na kuwa mweupe, na wino mweusi unabaki. Nilicheka, kisha nikajaribu, nikaacha kucheka. Herufi ya pili ya mwezi ilikuwa na mkia ulioshuka. JY, Julai. Kama isingekuwa na mkia ingekuwa JU, Juni. Shikilia tofauti hiyo, tutaihitaji. Tarakimu ya mwisho ya mwaka haikutoka hata kwa pipi.

Tukaingia kwenye ujumbe. Ni wa Kiingereza, kwa wino uliogeuka kahawia, na kwa Kiswahili unasema hivi kwa ufupi: Jumapili jioni, meli yetu ya Kijerumani imetia nanga leo asubuhi, joto halisemeki, kesho Dar es Salaam. Mwandishi hakuandika tarehe. Ila ameandika siku, na siku ni zawadi.

Kaa na kalenda. Kadi iliandikwa Jumapili, na muhuri ni wa tarehe 18 Julai. Kati ya 1910 na 1919, mwaka ambao tarehe 18 Julai ni Jumatatu ni mmoja tu, nao ni 1910. Iliandikwa Jumapili tarehe 17, ikagongwa muhuri kesho yake. Mwaka 1911 tarehe 18 ni Jumanne, kwa hiyo 1911 unawezekana ikiwa kadi ililala siku moja ya ziada mahali fulani. Mwaka 1915 tarehe 18 yenyewe ni Jumapili, na 1916 ni Jumanne. Kwa kalenda peke yake hii miwili nayo ingebisha hodi. Lakini mwandishi amefika kwa meli ya Kijerumani, na kesho anakwenda nayo Dar es Salaam kama anayekwenda sokoni. Kuanzia Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani zilikuwa vitani, na hakuna abiria aliyeshuka Unguja ya Waingereza kutoka meli ya Kijerumani akanunua kadi na kulalamikia joto. Hiyo miwili inaanguka. Imebaki 1910, na nyuma yake kwa mbali 1911.

Na ule mkia wa herufi? Ungekuwa haupo, tukasoma Juni, hesabu yote ingegeuka. Tarehe 18 Juni 1910 ilikuwa Jumamosi, ambayo haiafikiani na ujumbe ulioandikwa Jumapili na msafiri wa kesho. Ile ya 1911 ilikuwa Jumapili. Mwaka mzima unasimama juu ya mkia wa herufi moja, ulioonekana kupitia karatasi ya pipi. Anayeandika 1910 bila hata kusema ameisoma wapi hajui amesimama juu ya nini.

Sawa, penseli ilisema kweli. Muuzaji yule alikuwa sahihi, au alibahatika. Kadi ilitumwa mwaka 1910, na karibu nina hakika. Sasa niambieni, hilo linahusu nini picha?

Hapa ndipo ninapogombana na waandaaji, na na nusu ya vitabu vya picha za kale ninavyovijua. Kadi ya posta ina miaka mitatu. Kuna mwaka iliopigwa picha, mwaka iliochapwa kadi, na mwaka iliotumwa. Stempu na muhuri vinazungumzia wa tatu peke yake. Mwaka wa pili unaupata kwa karatasi yenyewe. Geuza tena kadi ya mjomba: nyuma ina mstari wa wima katikati, kushoto ujumbe, kulia anwani. Mstari huo haukuwa wa siku zote. Mwanzoni upande wa nyuma ulikuwa wa anwani tu, na aliyetaka kuandika neno alibanana pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu nyuma kugawanywa mwaka 1902, Ujerumani mwaka 1905, na nchi nyingine kwa wakati wake. Kadi nyingi za ufuo wetu zilichapwa Ulaya, kwa hiyo mstari ule unatuambia kadi ya mjomba haikuchapwa kabla ya 1902. Muhuri unatuambia haikuchapwa baada ya Julai 1910, au 1911 kwa mbishi. Hiyo ndiyo nafasi ya mchapaji.

Na mwaka wa kwanza, wa picha, unasemwa na mnara tu: baada ya 1883, jumba lilipokuwa limesimama, na kabla ya tarehe 27 Agosti 1896. Yaani siku kadi hii ilipotoka mtamboni, mnara uliomo ulikuwa umeshatoweka kwa miaka isiyopungua mitano. Hakuna muujiza. Mpiga picha alikuwa na bamba la kioo lililokuwa linauzika. Unguja ilikuwa na studio zenye akiba ya mabamba, kama ya A. C. Gomes na ya ndugu wa Coutinho, na msafiri aliyeshuka kwa siku moja hakuuliza picha ilipigwa lini. Alitaka kasri na bahari. Bamba likaendelea kuzaa kadi muda mrefu baada ya kilichopigwa picha kufa.

Bado sijafika kwenye maandishi yaliyochapwa chini ya picha, na nimeyaacha mwisho makusudi kwa sababu ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote, na ndiye anayeaminiwa kuliko wote. Yameandikwa kwa Kiingereza kwamba hii ni kasri ya Mtukufu Sultani, Unguja. Hayo tu. Hayasemi lini, na hayasemi Sultani yupi. Maandishi hayo yanaweza kuwa yamepangwa na mtu aliyekaa Ulaya, mbele ya meza, akiwa na orodha aliyoletewa na asiyeijua Forodhani na Ng'ambo. Mtu wa aina hiyohiyo ndiye aliyeipaka kadi rangi. Maji ya mjomba ni ya kijani kibichi, na nguo za watu wawili walio ufukweni moja ni nyekundu na moja ni buluu. Nilikuwa na aya nzima kuhusu nguo ile nyekundu. Nimeifuta. Rangi ile ni ya mchapaji, sina haki ya kumvika mtu nayo.

Sisemi maandishi ya chapa hayana kazi. Yana kazi yake moja nzuri, nayo ni majina ya nchi. Kadi ya Mombasa inayotaja Afrika Mashariki ya Waingereza imepangwa kabla ya 1920, na inayotaja Koloni la Kenya ni ya baada ya hapo. Lakini hata hapo ni sakafu ya mpangaji herufi, haimfungi muuza duka. Nimewahi kushika kadi ya Dar es Salaam, maandishi ya Kijerumani yakitaja Afrika Mashariki ya Kijerumani, na stempu iliyobandikwa ni ya Mfalme wa Uingereza iliyogongwa juu yake herufi G.E.A., toleo la 1917. Mji ulikuwa umeshachukuliwa na Waingereza Septemba 1916. Mtu alikuta kadi za Mjerumani zimebaki dukani, akanunua, akabandika stempu ya aliyeshinda. Ukisoma maandishi tu utasema ni ya wakati wa Wajerumani. Ukisoma stempu tu utasema picha ni ya wakati wa Waingereza. Hao mashahidi wawili hawakuwahi kuonana, wamekutanishwa na mtu mwenye haraka ya kuandika nyumbani.

Niliwaandikia waandaaji. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa adabu: mwaka ulio kwenye kibao, walisema, ni mwaka wa kadi, si wa picha. Jibu hili nimekutana nalo mara nyingi na linaniudhi kila mara, kwa sababu lingekuwa sahihi kama wangetundika kadi. Hawakutundika kadi. Wametundika picha, wakaikuza, wakakata hata ukingo mweupe wenye maandishi, na upande wenye stempu na muhuri hawakuuonyesha popote. Huwezi kuzika kadi, ukabaki na picha, halafu ukasema mwaka ni wa marehemu.

Barua ya tatu niliambiwa kwamba kuskani pande mbili ni gharama, na kwamba nyuma kuna majina na anwani za watu. La gharama nalielewa kwa mwenye kadi elfu kumi. Hawa walikuwa na sitini. La majina ni hoja ya kweli, nami nimeifikiria: anwani inaweza kufunikwa, na muhuri ukabaki. Mkono wa kulia funika, pembe ya juu acha. Na kama hata hilo ni zito, basi kibao kiwe na mistari mitatu. Picha: kati ya 1883 na Agosti 1896. Kadi: kati ya 1902 na 1910. Ilitumwa: Julai 1910, huenda 1911. Mistari hiyo haijazi hata nusu ya kibao walichonacho. Wakanijibu kwamba mtazamaji anataka mwaka mmoja.

Mtazamaji yupi? Tangu jumba lianguke, picha hii inazunguka kwenye simu za watu kila mwezi Desemba, ikiwa na 1910 yake iliyotoka kwenye kile kibao, na chini watu wanabishana kama mnara ulioanguka ulikuwa huu au mwingine. Nimesoma mtu akiapa kwamba babu yake alipanda mnara huu wa kando mwaka 1910. Sina ugomvi na babu yake. Lakini mabishano yale ni ya watu wanaotaka kujua hasa, na mwaka mmoja waliopewa ndio unaowagombanisha.

Msimamizi wangu, nilipompelekea sura mpya, alisema nimeiharibu kwa sababu picha arobaini zimebaki kumi na moja. Ni kweli. Zile ishirini na tisa sikuweza kupata nyuma yake, na zisizo na mnara, meli wala jengo la kuzifunga kwa wakati nimeziandikia tu kwamba zinauzwa kama za Unguja. Alama ya vema haikurudi, lakini amekubali sura ipite.

Wiki iliyopita nilirudi kwa mjomba na karatasi yenye mistari yangu mitatu, aiweke ndani ya kopo pamoja na kadi. Aliisoma taratibu, miwani ikiwa juu ya paji la uso, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza.

"Kasri ya Sultani. Sultani gani?"

Tukahesabu. Barghash alifariki 1888. Akafuata Khalifa bin Said, mpaka 1890. Ali bin Said, mpaka 1893. Hamad bin Thuwaini, mpaka siku mbili kabla ya mizinga. Wanne, na mnara hauwezi kutuambia ni yupi.

"Na huyu wa kwenye stempu?"

Ali bin Hamud alizaliwa 1884. Picha ilipopigwa, ama alikuwa mtoto, ama hajazaliwa.

Mjomba akaigeuza kadi mara mbili, upande huu na huu, akairudisha koponi kifudifudi, sura ya stempu ikiwa juu.